HAZOP au mchoro wa tai ya kipepeo? Njia zote mbili juu ya tangi moja la petroli

Mtu anayepewa kazi ya kuchambua hatari za mtambo wa vimiminika vinavyowaka hukutana mapema na majina mawili. La kwanza ni HAZOP, yaani kikao cha kupitia mchoro wa mabomba kipande kwa kipande kwa kutumia maneno elekezi. La pili ni mchoro wa tai ya kipepeo, ambao wahandisi wengi huuita bou-tai: tukio moja katikati, vyanzo vyake kushoto, athari zake kulia, na vizuizi katikati ya mistari. Njia zote mbili huishia kwenye karatasi iliyojaa maneno kama "kizuizi", "chanzo" na "athari", kwa hiyo ni rahisi kudhani zinafanya kazi moja na kwamba mwenye moja hana haja ya nyingine.

Ili tofauti ionekane, tutazipitisha zote mbili kwenye tangi lile lile.

## Tangi lenyewe

Tangi la petroli lina kipenyo cha mita 20. Linajazwa kupitia bomba la milimita 300 linalotoka kituo cha pampu kilicho umbali wa kilomita 5, kwa kasi ya mita za ujazo 400 kwa saa. Eneo la tangi ni mita za mraba 314 hivi, kwa hiyo kimo hupanda sentimita 2 na kidogo kila dakika. Kengele ya kimo cha juu hulia mita 12.3. Swichi ya kujitegemea hufunga vali ya kuingizia ikifika mita 12.7. Petroli huanza kumwagika kupitia matundu ya juu ikifika mita 13.1.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hutambaa chini na kujaa mitaroni badala ya kupaa. Ukichanganyika na hewa kwa asilimia 1.4 hivi, tayari cheche inatosha kuuwasha. Petroli inayoanguka kutoka kimo cha mita 13 hupasuka kuwa matone madogo njiani, nayo hutoa mvuke mwingi kuliko dimbwi lililotulia.

## Vigezo vya kulinganisha

Tutauliza mambo manne kwa kila njia. Inauliza swali gani? Inahitaji watu, nyaraka na muda kiasi gani? Ikiwekwa juu ya tangi letu, inaona nini? Na hukosewa wapi? Gharama na programu za kompyuta tunaziacha, maana njia zote mbili zinaweza kufanywa kwa jedwali la kawaida na ubao mweupe.

## HAZOP

Swali lake. HAZOP ilikua ndani ya kampuni ya kemikali ya ICI, Uingereza, katika miaka ya 1960, na leo utaratibu wake umeelezwa katika kiwango cha IEC 61882. Inaanza na jambo ambalo mbunifu alilikusudia, kisha inauliza: je, mambo yakienda kinyume na kusudio hilo? Maneno elekezi ndiyo yanayolazimisha swali liulizwe: HAKUNA, ZAIDI, PUNGUFU, PAMOJA NA, SEHEMU YA, KINYUME, TOFAUTI NA, na kwa mambo ya wakati na mpangilio, MAPEMA, KUCHELEWA, KABLA na BAADA. Neno likiunganishwa na kipimo, kama mtiririko, kimo, presha au joto, linazaa mkengeuko. ZAIDI na kimo ni tangi kufurika. KINYUME na mtiririko ni petroli kurudi nyuma bombani pampu inapozimwa.

Watu, nyaraka na muda. Unahitaji mchoro wa mabomba na vifaa (P&ID) unaolingana na kilichopo uwanjani, mwenyekiti asiyekuwa mbunifu wa mtambo huo, mwandishi wa jedwali, mhandisi wa mchakato, fundi wa vipimo, mtu wa matengenezo, na opereta anayejaza tangi kwa mikono yake. Opereta huyu asikosekane. Watu sita au saba wanatosha. Kikao kikipita saa tano au sita kwa siku, majibu huanza kufanana na watu huanza kukubali kila kitu ili waende nyumbani. Mtambo wa matangi machache unaweza kula siku kadhaa, na mtambo mkubwa wiki nyingi.

Inaona nini kwenye tangi letu. Kipande cha kwanza ni bomba kutoka vali ya mpaka wa uwanja hadi ndani ya tangi. Kusudio: petroli, mita za ujazo 400 kwa saa, hadi kimo cha mita 12.

Anza na ZAIDI na mtiririko. Kituo cha pampu kikiwasha pampu ya pili, kasi inaweza kufika 700. Kimo sasa kinapanda karibu sentimita 4 kwa dakika. Kati ya kengele na kumwagika kuna sentimita 80. Kwa 400, opereta alikuwa na dakika 37 hivi, na kwa 700 anazo 21. Swichi ikishindwa kufanya kazi kwenye mita 12.7, muda uliobaki kabla ya kumwagika unashuka kutoka dakika 19 hadi 11. Bila neno ZAIDI kuuliza, hesabu ya muda wa opereta ingebaki ile ya siku ya kawaida.

MAPEMA na mtiririko unatoa jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tangi likiwa tupu, mwongozo unaotumika sana kuhusu umeme tuli ni kwamba kasi ndani ya bomba isizidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba ufunikwe vizuri na kimiminika, au paa linaloelea liinuke. Kwenye bomba letu mita 1 kwa sekunde ni mita za ujazo 254 hivi kwa saa. Sisi tunaanza na 400, yaani karibu mita 1.6 kwa sekunde. Petroli inarushwa ndani ya nafasi yenye hewa na mvuke, inajikusanyia chaji, na cheche inaweza kuruka kabla tangi halijawa na sentimita chache. Pendekezo ni jepesi: anza kwa 250 au chini, pandisha baadaye. Lakini mtu asiyeuliza kuhusu mwanzo wa kujaza asingelifikia.

TOFAUTI NA ni neno ambalo vikao vilivyochoka hulipita haraka, na ni kosa kubwa. Vipi petroli ikielekezwa kwenye tangi la dizeli? Kwa joto la kawaida, mvuke juu ya dizeli ni mwembamba mno kuwaka. Juu ya petroli tupu katika tangi lililofungwa, mara nyingi ni mwingi mno kwa hewa iliyopo, hauwaki. Ila petroli kidogo ndani ya dizeli nyingi inaweza kuuweka mvuke katikati, mahali ambapo cheche moja inatosha. Kwa hiyo vali moja iliyofunguliwa kimakosa kwa dakika chache inaweza kuwa hatari zaidi kuliko iliyofunguliwa saa nzima.

Kisha kuna jambo linalozaliwa na kinga yenyewe. Swichi ya mita 12.7 inafunga vali. Inafunga kwa sekunde ngapi? Wimbi la presha husafiri ndani ya petroli kwa takribani mita 1,000 kwa sekunde, hivyo huchukua sekunde 10 kwenda kilomita 5 na kurudi. Vali ikifunga kwa muda mfupi kuliko huo, presha bombani inaruka bar 11 au 12 juu ya ile ya kawaida kwa mtiririko wa 400, na zaidi kwa 700. Umezuia tangi kufurika, ukapasua bomba kwenye kiungo dhaifu. Vali ikifunga polepole kwa dakika nzima, kimo kinapanda sentimita 2 hadi 4 tu zaidi. Hiyo ni bei ndogo.

Hukosewa wapi. Kosa la kwanza ni kuandika kinga kabla ya athari. Timu inasema "kimo kikizidi, swichi itafunga", na safu ya athari inaandikwa "hakuna". Athari huandikwa kana kwamba hakuna kinga hata moja iliyofanya kazi, kisha kinga zinaorodheshwa, ndipo unajua kinga hiyo inabeba mzigo gani.

Kosa la pili ni chanzo kisicho chanzo. "Kosa la opereta" halisaidii mtu. "Opereta anasoma namba ya tangi 4 kwenye skrini huku vali ya tangi 3 ndiyo iliyofunguliwa, kwa sababu vishikio viko pamoja na havina vibao" ni chanzo unachoweza kukirekebisha.

La tatu ni la asili ya njia yenyewe. HAZOP huangalia mkengeuko mmoja mmoja. Kengele imeandikwa kwenye mstari wa 14, swichi kwenye mstari wa 31, ukuta wa zege unaozunguka tangi kwenye mstari wa 52. Hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba kengele na onyesho la skrini vinategemea kipima kimo kimoja. Jedwali likifika kurasa 200, msimamizi wa zamu halifungui tena.

Inamfaa nani. Anayebuni mtambo mpya, anayebadilisha mabomba, au anayepokea bidhaa mpya. Pia yeyote ambaye hajui bado ni nini kinaweza kwenda kombo.

## Mchoro wa tai ya kipepeo

Swali lake. Hapa tukio tayari linajulikana. Swali ni: kati ya chanzo na tukio, na kati ya tukio na maafa, kuna nini kinachosimama, na nani anahakikisha bado kimesimama? Mchoro huu ulienea katika sekta ya mafuta mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Shell ikiwa mstari wa mbele, baada ya jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini kuungua tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167.

Watu, nyaraka na muda. Watu watatu hadi watano wanaweza kuchora mchoro mmoja kwa nusu siku au siku moja. Mchoro wa mabomba unasaidia, lakini nyaraka inayohitajika zaidi ni rekodi ya majaribio na matengenezo ya kila kizuizi, na mara nyingi ndiyo isiyopatikana. Mtambo hauhitaji michoro mia. Kwa uwanja wa matangi, mitano hadi kumi inafunika matukio makubwa.

Inaona nini kwenye tangi letu. Katikati tunaandika: petroli inamwagika kutoka tangi kwa kufurika. Si "moto" wala "mlipuko". Hayo ni athari na yanakaa kulia. Tukio kuu ni ule wakati ambao udhibiti umepotea lakini bado hakuna aliyeumia.

Kushoto kuna vyanzo vitatu: kipima kimo kimekwama, petroli imeelekezwa tangi lisilo lake, kituo cha pampu kimeongeza kasi bila taarifa. Chukua cha kwanza. Timu kwa kawaida huchora vizuizi vinne kwa furaha: onyesho kwenye skrini, kengele ya mita 12.3, opereta anayefuatilia, na swichi ya mita 12.7. Sasa kila kimoja kipitie maswali matatu. Je, kinaweza kugundua, kuamua na kutenda hadi mwisho? Je, hakitegemei chanzo chenyewe wala kizuizi kingine? Je, kinaweza kujaribiwa?

Onyesho la skrini linasoma kipima kile kile kilichokwama. Kengele nayo ni hivyo. Opereta anaangalia onyesho lile lile. Vitatu vimeanguka kwa pigo moja, imebaki swichi peke yake.

Hayo si mawazo ya darasani. Huko Buncefield, Uingereza, Jumapili tarehe 11 Desemba 2005, tangi namba 912 lilikuwa likipokea petroli kwa bomba. Kipima kimo kilikwama mnamo saa 9 usiku, na skrini ikaendelea kuonyesha kimo kile kile huku petroli ikipanda. Kengele zilizotegemea kipima hicho zilibaki kimya. Kipima hicho kilikuwa kimekwama mara kadhaa katika miezi iliyotangulia. Swichi ya kujitegemea ya kimo cha juu kabisa ilikuwepo, lakini wenzo wake wa majaribio ulihitaji kufuli ili ubaki kwenye nafasi ya kazi. Kufuli halikuwekwa, kwa sababu watu wa uwanjani hawakujua kazi yake, na swichi haikufanya kitu. Mapema asubuhi petroli ikaanza kumwagika juu ya tangi, na muda mfupi baada ya saa 12 wingu la mvuke likalipuka. Watu 43 waliumia. Haikufa hata roho moja, na siku yenyewe kuwa Jumapili alfajiri ilichangia sana.

Hapa ndipo mchoro wa tai unapoizidi HAZOP. Chini ya kila kizuizi unaweza kuning'iniza kinachokidhoofisha. Chini ya swichi: "wenzo umeachwa nafasi ya majaribio". Chini yake tena, kinachozuia udhaifu huo: kufuli maalumu, orodha ya ukaguzi inayosainiwa na mtu wa pili baada ya jaribio, na jaribio linaloinua kimo hadi swichi au kuiga kimo hicho kikamilifu, si kubonyeza kitufe cha taa tu. Kila kisanduku kinapewa mwenyewe kwa cheo: fundi wa vipimo, kiongozi wa zamu.

Upande wa kulia unauliza maswali ambayo HAZOP huyagusa kwa juu. Petroli imeshamwagika: nani anajua? Vitambuzi vya mvuke viko kwenye kimo cha magoti au vimefungwa juu ambako mvuke wa petroli hauendi? Pampu ya maji ya moto iko wapi, na mota yake inaweza kuwa ndiyo cheche? Ukuta wa zege unazuia kimiminika kweli, au viungo na mahali mabomba yanapopenya vinavuja? Buncefield kuta hizo zilivuja katika sehemu hizo hizo, na mafuta pamoja na maji ya kuzimia moto yakapenya ardhini.

Hukosewa wapi. Kosa la kawaida ni kuweka "mafunzo", "utaratibu wa kazi" na "usimamizi" kama vizuizi. Karatasi haifungi vali. Mafunzo ni kitu kinachomwezesha opereta kutenda, kwa hiyo yanakaa chini ya kizuizi, si kwenye mstari mkuu. Mchoro wenye visanduku kumi kwenye kila mstari mara nyingi una viwili vya kweli.

Kosa jingine ni ukimya wake. Mchoro hauna kitu cha kukulazimisha ugundue usichokijua. Hakuna mahali pake pangekuambia kwamba 400 ni kasi kubwa mno kwa tangi tupu, wala kwamba vali inayofunga haraka itapasua bomba. Ukiyajua tayari, unayachora. Usipoyajua, mchoro utakuwa mzuri na mtupu.

Inamfaa nani. Mtambo unaofanya kazi tayari, wasimamizi wa zamu, wakaguzi, na mtu anayepaswa kuamua kama kazi iendelee swichi ikiwa mbovu.

## Jambo ambalo hakuna njia kati ya hizi inayolifanya

Hakuna njia kati ya hizi mbili inayokupa namba ya mara ngapi tangi litafurika. Ukiulizwa kama swichi moja inatosha au zinahitajika mbili, utahitaji uchambuzi wa matabaka ya ulinzi, unaofahamika kwa kifupi LOPA. Unachukua mstari mmoja kutoka HAZOP au mchoro na kuuwekea makadirio. Ukianza LOPA bila mojawapo ya hizi, utahesabu kwa usahihi hali ambayo pengine si yenyewe.

## Kwa hali yako

Mtambo bado uko kwenye karatasi: fanya HAZOP wakati mchoro wa mabomba umetulia lakini mabomba hayajaagizwa. Ukichelewa hadi ujenzi, kila pendekezo zuri litakutana na jibu la "tumeshanunua".

Mtambo una miaka 20 na michoro yake haifanani na uwanja: usianze na HAZOP, kwa sababu utachambua mtambo usiokuwepo. Tembea mabomba kwanza na usahihishe mchoro. Wakati huo unaendelea, chora michoro mitatu au minne ya tai kwa matukio yaliyo wazi (tangi kufurika, mpira wa kupakia lori kukatika, mhimili wa pampu kuvuja, kazi ya moto karibu na mvuke), maana hiyo inaweza kuendelea na kile watu wa zamu wanachokijua.

Mmebadilisha jambo moja, mathalani bomba sasa linaleta 700 badala ya 400: HAZOP ya vipande vilivyoguswa tu, siku moja au chini yake. Kisha rudi kwenye mchoro wa tangi kufurika na uulize kama muda wa opereta bado unatosha.

HAZOP mnayo, imepangwa kabatini, lakini zamu haijui swichi ipi ni muhimu kuliko nyingine: toa kwenye jedwali mistari yenye athari mbaya zaidi, ikusanye kwa tukio, na kila tukio lipate mchoro wake. Kazi hii huwa fupi, na mara nyingi ndipo inapogundulika kwamba kinga tatu za mistari tofauti zinaning'inia kwenye kipima kimoja.

Swichi imeharibika leo na lori la petroli, au bomba, linasubiri: mchoro wa tai. Ufungue, futa swichi kwa kidole, uhesabu vilivyobaki kwenye kila mstari unaopita hapo. Kama kilichobaki ni opereta anayesoma kipima kile kile, usijaze kwa kutegemea skrini. Ama kujaza kunasubiri, ama mtu anapima kimo kwa utepe kabla ya kuanza, kujaza kunaishia mita 11, na kituo cha pampu kinathibitisha kiasi walichotuma kila nusu saa, namba zikilinganishwa na kimo cha tangi. Kwa mita za ujazo 400 kwa saa, kila nusu saa kimo kinapaswa kupanda karibu sentimita 64. Kisipopanda hivyo, kipima kimekwama au petroli inakwenda kwingine, na pampu zinazimwa kabla ya kuanza kutafuta jibu ni lipi.